Dividendi Inaingia, Bei Inashuka: Mbona Kukimbilia Mgao Pekee Hakutakuomoa

Kila mwaka kuanzia Machi, benki zikianza kutoa matokeo, grupu za WhatsApp za mambo ya hisa zinawaka moto. Mtu anatupa picha ya tangazo la kampuni, mwingine anajibu na emoji za moto, wa tatu anaandika ile mesej ambayo lazima umeiona: "Wasee, ingieni kabla rejista ifungwe, hii ni doo ya bure." Wiki kadhaa baadaye grupu ni ile ile lakini moto umezima. Bei imeanguka ghafla siku moja asubuhi, hakuna habari mbaya yoyote kwa magazeti, na watu wanaulizana ni nani ameuza.

Hakuna mtu amekuhujumu. Kilichotokea kilikuwa kwa ratiba, na ungeweza kukihesabu kwa kalamu siku kadhaa mapema. Wacha tuchukue mgao mmoja ambao watu wengi wa Nairobi waliusikia, tuupige hesabu hadi mwisho, uone hiyo doo ya bure hutoka kwa mfuko wa nani.

Tangazo la 37

Machi 2025, Standard Chartered Kenya walitangaza mgao wa mwisho wa shilingi 37 kwa kila hisa, kwa mwaka wa 2024. Ukiongeza zile 8 walikuwa wametoa katikati ya mwaka, jumla ilikuwa 45. Bei ya hisa ilikuwa inacheza kwenye mtaa wa mia tatu hivi, kwa hivyo tutumie 300 kamili ndio hesabu isikusumbue kichwa. Thelathini na saba kwa mia tatu ni zaidi ya asilimia 12. Hebu fikiria, pesa ukiweka benki inakaa mwaka mzima kutafuta hiyo riba, na hapa unaambiwa unaipata kwa kushika hisa siku chache tu. Ndio maana watu walitoka mbio.

Swali la kwanza ambalo hakuna mtu huuliza kwa grupu ni hili: hiyo 37 iko wapi kabla ulipwe? Iko ndani ya kampuni. Benki hiyo ina hisa karibu milioni 378. Zidisha kwa 37 na unapata karibu shilingi bilioni 14. Hizo bilioni 14 ni mali ya benki hadi zigawanywe, na ukinunua hisa kabla ya mgao kutoka, unanunua benki ikiwa na hizo doo ndani. Ukinunua baada ya hapo, unanunua benki ile ile, matawi yale yale, wateja wale wale, lakini bilioni 14 tayari zina wenyewe, na wewe si mmoja wao.

Sasa niambie ukweli. Ni msee gani mwenye akili timamu atalipa 300 kwa hisa isiyo na mgao, na jana 300 hiyo hiyo ilikuwa inakupa hisa pamoja na ahadi ya 37? Ni kama gari la mtumba. Muuzaji akikuambia tanki limejaa, bei ni moja. Akiyanyonya mafuta yote kwanza ndio akupe funguo, utataka apunguze, na hutamwita mwizi kwa sababu bei imeshuka. Hapo ndipo 300 inakuwa 263. Soko halijapaniki. Limetoa tu hesabu.

Siku yenyewe ni ipi?

Hapa ndipo wengi huchomeka. Tangazo la kampuni huandika tarehe ya kufunga rejista, yaani siku ambayo jina lako linafaa kuwa limeshaandikwa kama mwenye hisa. Watu husoma hiyo tarehe na kudhani wanaweza kununua hadi siku hiyo. Zii. Kwa soko letu la Nairobi, ukinunua hisa leo, inaingia kwa jina lako rasmi baada ya siku tatu za kazi. Kwa hivyo rejista ikifungwa Ijumaa, siku yako ya mwisho ya kununua ukiwa na haki ya mgao ni Jumanne. Jumatano asubuhi hisa inaanza kuuzwa bila mgao, na hiyo Jumatano ndiyo inaitwa siku ya eks-dividendi. Kukiwa na sikukuu katikati ya wiki, rudi nyuma siku moja zaidi.

Kwa hivyo ile siku bei inashuka si siku ya kufunga rejista, na si siku ya kulipwa pia. Ni mapema kuliko zote mbili. Na malipo huja baadaye sana. Safaricom kwa mfano huwa inafunga rejista ya mgao wa mwisho mwisho wa Julai hivi, halafu doo inaingia mwisho wa Agosti. Huo mwezi mzima katikati, akaunti yako inaonyesha hisa zimeshuka na mgao haujafika. Mtu mgeni akiangalia simu anaona hasara tupu, na ndio huo wakati anauza kwa hasira. Haki yake ya mgao bado iko, hata akiuza siku ya eks-dividendi yenyewe, kwa sababu rejista itamkuta na jina lake. Lakini yeye hajui, na anaandika kwa grupu kwamba soko la hisa ni kamari.

Tupige hesabu ya yule aliyeingia mbio

Tuseme mtu alinunua hisa 100 kwa 300 siku ya mwisho yenye haki. Hiyo ni shilingi 30,000. Broka na ada za soko tuseme zilikula asilimia 1.5, yaani 450. Ametoa jumla ya 30,450.

Mgao wake ni 37 mara 100, hiyo ni 3,700. Lakini KRA hukata asilimia 5 kabla hiyo doo ikufikie, kwa hivyo anaingiziwa 3,515. Siku ya eks-dividendi bei imeshuka kwa 37, iko 263, na yeye anauza zote. Anapata 26,300, broka anachukua tena asilimia 1.5, inabaki 25,905 na senti. Jumlisha na mgao wake: karibu 29,420. Alianza na 30,450. Amepoteza zaidi ya ngiri moja kwa kukimbilia pesa ya bure.

Angalia vizuri ni nani alikula hiyo ngiri. Soko halikumwibia chochote, kwa sababu kilichotoka kwa bei kiliingia kwa mgao. KRA alichukua 185 na broka akachukua karibu 845. Yaani broka ndiye alikuwa na siku poa kuliko wote.

Utaniambia bei haishuki kila mara kwa kiwango hicho kamili, na uko sawa. Huko Amerika, Elton na Gruber walichunguza hii kitu mwaka wa 1970 na wakapata kwamba kwa wastani bei ilishuka kama asilimia 78 ya mgao, si mia kwa mia. Maelezo yao yalikuwa kodi: kwa mwekezaji wa huko, dola ya mgao ilikuwa inakatwa zaidi kuliko dola ya bei kupanda, kwa hivyo watu hawakuwa tayari kuilipia kwa ukamilifu.

Kwetu Kenya kodi iko hivi. Mkazi hukatwa asilimia 5 kwa mgao, na mgeni wa nje ya Afrika Mashariki kwa kawaida hukatwa asilimia 15. Faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa soko la Nairobi haitozwi kodi ya faida ya mali. Kwa hivyo ile 37 kwa wewe wa Umoja ni 35.15, na kwa mwekezaji wa London ni 31.45. Kushuka kunakotarajiwa kuko mahali kati ya 31 na 37, kutegemea nani ana nguvu zaidi sokoni siku hiyo. Kwa mtu anayetaka kuingia na kutoka, hata akipata bahati bei ishuke 33 pekee, ada za broka mbili bado zinamngoja mlangoni. Nafasi yake ni nyembamba sana.

Halafu kuna kelele za soko lenyewe. Hisa zingine pale Nairobi zinaweza kukaa siku nzima zikiuzwa chache tu, na bei ya mwisho unayoona kwa simu ni ya mtu mmoja aliyeuza hisa kumi. Siku hiyo hiyo kunaweza kutoka habari za riba au za dola, na bei isukumwe upande mwingine. Kwa hivyo mgao ukiwa mdogo, tuseme senti 55 kwa hisa ya shilingi 17, kushuka kunaweza kumezwa na kelele na usikuone kabisa. Ukiwa ni asilimia 12 kama ule wa 37, hauwezi kufichika.

Kwa hivyo mgao hauna maana?

Sijasema hivyo. Nimesema siku ya mgao hautajiriki. Doo yako imehama kutoka mfuko wa kushoto hadi wa kulia, na KRA ameonja kidogo njiani.

Rudi kwa yule mwenye hisa 100, lakini sasa ni mtu aliyekuwa nazo miaka na hataki kuuza. Kabla ya eks-dividendi ana mali ya 30,000. Baadaye ana hisa za 26,300 na mgao wa 3,515, jumla 29,815. Akiamua kurudisha mgao wote kununua hisa kwa 263, anapata hisa 13 na anabaki na 96. Sasa ana hisa 113, zote zina thamani ya 29,719, ongeza hiyo 96 na unarudi pale pale 29,815. Tofauti na 30,000 ni zile 185 za kodi, kabla hata ya broka. Hisa zimeongezeka, na kwa macho inapendeza sana, lakini mali haijasonga.

Sasa mchukue jirani yake ambaye kampuni yake haikutoa mgao na bei ikabaki 300. Anahitaji pesa ya rent. Tangu Agosti 2025 soko letu linaruhusu kununua na kuuza hata hisa moja, haulazimiki tena kwenda na mia mia. Huyu anauza hisa 12 kwa 300, anapata 3,600, anabaki na hisa 88 za thamani ya 26,400. Linganisha na yule wa mgao mwenye 3,515 mkononi na 26,300 sokoni. Hao wasee wawili wako mahali pamoja. Mwaka wa 1961 wasomi wawili, Miller na Modigliani, waliandika kuhusu jambo hili hili: kama hakuna kodi wala ada, namna kampuni inavyogawa faida haibadilishi thamani yake. Thamani hutoka kwa faida yenyewe, na kwa kazi ambayo hiyo faida inafanya ikibaki ndani.

Kama hiyo inakaa stori za darasani, cheki mambo mawili yaliyotokea hapa hapa nyumbani.

Ya kwanza ni Safaricom. Agosti 2021 hisa yake ilikuwa karibu 44. Mtu aliyenunua hisa 1,000 wakati huo alitoa 44,000. Kutoka hapo hadi mwisho wa 2023 kampuni ilimlipa bila kukosa: senti 64, halafu 75, halafu 58, halafu 62. Jumla ni shilingi 2.59 kwa kila hisa, yaani 2,590 kwa hisa zake zote, na baada ya kodi kama 2,460. Lakini mwisho wa 2023 bei ilikuwa imeteremka chini ya 15. Hisa zake zilikuwa na thamani isiyofika 15,000. Alipata mgao mara nne na bado alikuwa amepoteza zaidi ya shilingi 26,000.

Huko kuanguka hakukuwa kwa eks-dividendi, elewa hapo. Kulikuwa na gharama kubwa za kuanzisha mtandao Ethiopia, kulikuwa na uhaba wa dola na wawekezaji wa nje waliokuwa wanatoka, na riba za bondi zilikuwa zimepanda hadi hisa zikaonekana hazina ladha. Mgao haukuweza kuzuia hata kimoja. Na hii ndiyo inanifurahisha zaidi: kwa miaka mitatu ya hesabu, 2023, 2024 na 2025, mgao wa mwaka ulibaki 1.20 bila kuongezeka hata senti, na bado 2025 bei ilivuka 25. Mgao haukubadilika. Kilichobadilika ni watu kuona faida ya Kenya inakua na hasara za Ethiopia zinapungua.

Ya pili ni KCB. Walipotoa matokeo ya 2023 walisema hakuna mgao. Sufuri. Watu waliteta sana, na nawaelewa, kwa sababu kuna wazee ambao hiyo doo ndiyo hulipa karo. Mwisho wa 2023 hisa hiyo ilikuwa karibu 22. Mwisho wa 2024 ilikuwa imepita 40. Faida ya mwaka ilikuwa imetoka karibu bilioni 37 hadi karibu bilioni 62. Kweli, katikati ya 2024 walirudisha mgao wa 1.50, lakini 1.50 haiwezi kueleza bei kupanda zaidi ya 18. Aliyeuza kwa hasira Machi kwa sababu ya kukosa mgao aliacha mezani pesa nyingi kuliko mgao wowote ambao benki hiyo ingempa.

Usichukue hii kama sheria kwamba kampuni isiyolipa ni bora. Kuna kampuni nyingi Nairobi ambazo hazijalipa miaka na bei zao zimelala pia, kwa sababu hakuna faida ya kulipa wala ya kubakisha. Na kampuni inayobakisha pesa halafu iizamishe kwa miradi ya ajabu ajabu ingefaa ikupe tu hiyo doo ujipangie mwenyewe. Kwangu mimi hiyo ndiyo sifa kubwa ya mgao: pesa ikishaingia kwa M-Pesa yako, wakurugenzi hawawezi kuichezea tena.

Mtego wa asilimia kubwa

Apu nyingi hukuonyesha mgao kama asilimia ya bei, na vijana wengi hupanga hisa kwa hiyo namba kutoka kubwa hadi ndogo, wanachukua ya juu. Shida ni kwamba hiyo asilimia ina njia mbili za kupanda. Hisa ya 40 inayolipa shilingi 2 ni asilimia 5. Bei ikianguka hadi 20 kwa sababu biashara imeharibika, apu inaanza kuonyesha asilimia 10, kwa kuwa bado inatumia mgao wa mwaka jana. Kampuni imekuwa mbaya na namba imekuwa tamu.

Kujua kama ni mtego, linganisha mgao na faida kwa kila hisa, ambayo iko kwa matokeo yale yale unayoyaona gazetini. Standard Chartered kwa 2024 walipata faida ya karibu bilioni 20 baada ya kodi na wakagawa karibu bilioni 17. Yaani kwa kila shilingi 100 waliyopata, 85 ilitoka nje. Inalipika, lakini inabakisha kidogo cha kukuza benki, kwa hivyo usitarajie mgao uendelee kupanda hivyo hivyo kila mwaka kama faida yenyewe haipandi. Mgao ukiwa mkubwa kuliko faida, kampuni inakulipa kwa akiba au kwa mkopo, na hapo uliza maswali haraka.

Basi msimu ukifika na mtu atupe tangazo kwa grupu, tafuta tarehe ya kufunga rejista, rudi nyuma siku tatu za kazi, kisha toa mgao kwa bei ya siku hiyo. Jibu utakalopata ndilo bei unayofaa kutarajia asubuhi inayofuata. Kama bado ungetaka kuwa na hiyo hisa kwa bei hiyo, bila mgao wowote karibu, basi unanunua kampuni. Na kama huna haraka, unaweza kungoja hiyo asubuhi yenyewe uinunue kwa bei iliyoshuka. Hutapata mgao wa mwaka huu, lakini pia KRA hatakuwa na chochote cha kukukata.